Senti Sitini za Mnada

Ukimuuliza Magdalena ana miaka mingapi, atakujibu kwamba amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hapo ujue mazungumzo ya umri yamekwisha. Ni mama mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kwa miaka ishirini na tatu amekuwa mtu wa michango katika Kituo cha Tembea, kule juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Kituo hicho hunyoosha miguu ya watoto waliozaliwa nayo imepinda. Mtoto analetwa mchanga, anafungwa plasta ya jasi, inabadilishwa kila wiki mpaka mguu ukae sawa, halafu anavishwa vile viatu vya kuunganishwa kwa chuma ili mguu usirudi ulikotoka. Viatu hivyo ndivyo vinavyowatoa jasho. Vinaagizwa mbali, vinachelewa, na mtoto hamsubiri mtu, anakua.

Sasa kituo kilitaka karakana yake, kitengeneze viatu palepale. Karakana ilihitaji shilingi milioni arobaini na saba, zikiwa safi, yaani baada ya kutoa gharama za kuzitafuta. Na za kuzitafutia, bodi ilitenga milioni kumi tu, si zaidi.

Hapo ndipo alipoingia Zakia.

Zakia ni mhasibu mpya, binti wa Ngarenaro, babake ana duka la vipuri karibu na msikiti. Ana adabu zake zote, shikamoo haimpiti, lakini ukishamwekea karatasi mbele anakuwa mtu mwingine. Jumatatu moja ya mwezi wa tano aliweka kompyuta yake juu ya meza ya Magdalena, akasogeza kikombe cha chai pembeni.

"Mama, bodi inakaa Jumanne ijayo. Safari hii hawataki orodha ya matumizi tu. Wanataka kila njia ya kuchangisha isimame peke yake. Inaingiza kiasi gani, inakula kiasi gani, na shilingi moja tunaipata kwa senti ngapi."

"Senti?" Magdalena akacheka. "Wewe umewahi kuiona senti kwa macho yako?"

"Sijawahi, mama. Ila shilingi ina senti mia, na ndizo zitakazotuambia ukweli."

Wakaanza. Njia ya kwanza ilikuwa bahasha za ahadi, zile wanazopelekewa wafadhili wa zamani, mia tatu kwa hesabu. Zakia hakuandika kwamba wote mia tatu watatoa, maana watu kuahidi wanajua. Alifungua miaka mitatu ya nyuma, akaona kila mwaka nusu yao ndio waliotimiza, wastani wa shilingi laki moja na ishirini kila mmoja. Milioni kumi na nane. Gharama za kuchapa, meseji na simu za kukumbusha, laki tisa. Senti tano kwa shilingi.

Njia ya pili, barua kwa makampuni, yale ya utalii na mashamba ya maua. Barua arobaini, na za kufuatilia kwa miguu, maana barua isiyofuatiliwa ni ya kufungia maandazi. Wakikubali nane, kila moja wastani wa milioni tatu, ni milioni ishirini na nne. Gharama milioni mbili na laki nne. Senti kumi.

Njia ya tatu lilikuwa wazo jipya la mwenyekiti wa bodi, mzee Frederick. Chakula cha jioni cha hisani, mjini, hotelini. Sahani mia na hamsini, kila moja laki moja. Milioni kumi na tano zinaingia, milioni sita zinakula hoteli, muziki na kadi. Senti arobaini.

"Senti arobaini kwa kula pilau wamekaa!" Magdalena akasema. "Haya, sasa andika mnada. Mnada utawaonyesha."

Ah, mnada! Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu kama hukuwahi kuwapo, umepunjika.

Kila mwezi wa nane, mahindi yakishavunwa, uwanja wa kituo ulikuwa haukanyagiki. Watu walishuka kutoka Sambasha na Kioga, wengine walipanda kutoka tambarare kule chini, kila mmoja na chake. Mkungu wa ndizi mshare. Kibuyu cha maziwa ya mgando. Debe la maharage, mbuzi, mfuko wa kabichi, yai moja limefungwa kwenye leso. Vyote vinawekwa mbele na vinapigwa mnada. Na ukinunua kuku huondoki naye, unamrudisha mezani, anauzwa tena. Kuna jogoo mmoja mwekundu aliuzwa mara tisa siku moja, mpaka akachoka kushikwa akalala kwenye mikono ya mnadi. Pembeni sufuria za loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, zilikuwa zikichemka, ng'ombe wawili wamechinjwa tangu asubuhi, na kila aliyekuja alikula nyama, anunue asinunue. Watoto waliopona walitembea mbele ya watu mmoja mmoja, na kina mama walikuwa wanalia bila kuficha. Raha ile, jamani, haipo tena.

Na mnadi alikuwa Lemomo, mume wa Magdalena.

Lemomo nyumbani alikuwa mtu wa maneno kumi kwa siku. Lakini mpe kipaza sauti! "Nani ananidharaulia hili yai? Baba yangu mwenye kofia, wewe unadharau yai? Kwa nini unanitazama hivyo, una shilingi elfu ishirini au una macho tu?" Na yule mwenye kofia alikuwa anatoa elfu ishirini huku anacheka, anarudisha yai, na Lemomo anamgeukia mkewe kuona anavyocheka. Binti yao, Naisula, alizaliwa na miguu yote miwili imeangalia ndani. Kituo hiki ndicho kilichomnyoosha, na leo ana duka lake la dawa Kimandolu, anasimama kutwa nzima kwa miguu hiyohiyo. Mnada wa kwanza ulifanyika mwaka elfu mbili na mbili, mwaka Naisula alipopiga hatua yake ya kwanza, na wazo lilikuwa la Magdalena. Ulifanyika miaka ishirini na miwili mfululizo. Mwaka wa mwisho, miezi mitatu baada ya mnada, Lemomo alianguka shambani na hakuamka. Uliofuata hawakufanya, walikuwa kwenye matanga.

Kwa hiyo aliposema andika mnada, Magdalena alikuwa hasemi habari ya jedwali.

Akafungua kabati, akatoa daftari zake za jalada gumu, ishirini na mbili, kila mwaka na lake. Zakia akasoma wastani wa miaka mitatu ya mwisho. Mapato milioni kumi. Matumizi ya maturubai, viti, vipaza sauti, mchele na chumvi, milioni moja na nusu. Senti kumi na tano kwa shilingi.

"Umeona?" Magdalena akapiga meza. "Hatuhitaji hoteli. Bahasha, barua na mnada, basi."

Zakia akajumlisha. Njia hizo tatu zingeingiza milioni hamsini na mbili, zingekula milioni nne na laki nane tu, na zingebaki milioni arobaini na saba na laki mbili. Karakana imepatikana, tena na chenji. Magdalena alikuwa ameshaanza kufunga daftari wakati kidole cha yule binti kiliposhuka kwenye mstari mmoja.

"Mama, hapa. Ng'ombe wawili. Kwenye safu ya gharama umeandika 'bure'."

"Ndiyo. Walitolewa."

"Gari la kukusanya mazao siku nne, na dizeli. Bure. Mnadi, bure. Mwaka wa mwisho, bure. Uliotangulia, bure." Alifungua daftari jingine, na jingine. "Miaka yote, bure. Nani alitoa?"

"Gari lilikuwa pikapu yetu. Mnadi unamjua. Ng'ombe walitolewa na rika lake Lemomo. Watu wa rika moja, wenzake wa jando. Sisi huku rika si mchezo, wanachangiana mpaka kaburini. Kila mwaka aliniambia, 'Andika bure, Magdalena, rika limetoa.' Nami naandika."

Zakia akasema kwa upole, na upole wake ndio uliomuudhi Magdalena. "Mama, kinachotolewa bure nacho kina bei. Kinaandikwa pande mbili, kama zawadi iliyoingia na kama gharama iliyotumika. Tukiacha sifuri, tunasema mnada ni wa bei rahisi wakati kuna mtu anaulipia. Sasa mwaka huu pikapu yenu imeshachakaa. Mnadi hayupo. Na rika je? Wamekuambia watatoa?"

"Watatoa."

"Basi niletee barua yao. Jina la mtoaji na ng'ombe wangapi. Bila hiyo naandika bei ya soko la mifugo."

Ng'ombe wa kuchinja siku hizi ni milioni moja na nusu. Wawili, milioni tatu. Gari la kukodi siku nne, milioni moja na laki mbili. Mnadi wa kulipwa, laki tatu. Ukiongeza ile moja na nusu ya maturubai na mchele, mnada ulikuwa unakula milioni sita ili ulete kumi. Senti sitini kwa shilingi. Na zile milioni arobaini na saba na laki mbili zilikuwa zinashuka kuwa arobaini na mbili na laki saba. Karakana isiyo na paa.

Magdalena alitoka ofisini bila kuaga. Alikuwa amekasirika sana, na kilichomkasirisha hakikuwa hesabu ya Zakia. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata Naisula. Lemomo alipofariki, ndugu zake walikwenda kuhesabu ng'ombe. Mtu aliyerithi zizi la watu wanaoheshimika kutoka kwa babake walimkuta na ng'ombe wanne. Wanne! Wengine walisema amewanywa, ingawa Lemomo pombe alikuwa akiisikia kwenye redio. Wengine walisema ana mji mwingine upande wa Monduli, na hao ndio waliomwumiza, kwa sababu kweli kila mwezi wa saba Lemomo alikuwa anashuka tambarare siku tatu nne, anarudi kimya kuliko alivyokwenda. Magdalena hakuuliza. Alichukua picha ya mumewe iliyokuwa ukutani sebuleni, ile ameshika kipaza sauti na jogoo, akaitia kabatini chini ya mashuka. Mwaka na nusu sasa, imo humo.

Jumamosi alikwenda Oldonyosambu kwa mzee Solomoni, mwenzake Lemomo wa rika, rafiki wa kufa na kuzikana, ambaye ndiye aliyekuwa akileta ng'ombe wa mnada kwa miguu kila mwaka. Alimkuta uani anakata ukwato wa mbuzi. Wakasalimiana salamu ndefu za huku, za watu, za mvua, za mifugo, za tumbo la mke wa mzee lililokuwa likimsumbua. Magdalena akapewa kigoda na chai ya maziwa. Akaeleza habari yote, karakana, bodi, binti wa Ngarenaro na senti zake.

"Kwa hiyo, mzee Solomoni, nimekuja kwa rika. Mniandikie barua tu. Ng'ombe wawili, kama kila mwaka."

Mzee Solomoni aliachia mguu wa mbuzi. Mbuzi akakimbia na ukwato mmoja haujakatwa.

"Mama Naisula," akasema, "Lemomo hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Mzee akafuta kisu kwenye shuka lake muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Rika lilitoa mara moja. Mwaka ule wa kwanza, dume mmoja. Mwaka wa pili kulikuwa na ukame, watu wakakataa. Tulikaa kikao, wakasema mnada ni mambo ya kituo, sisi tuna watoto wetu. Lemomo alikwenda kukwambia, akakukuta jikoni, unakumbuka? Umekaa chini na daftari lako, unalia, kwa sababu hesabu haikai bila ng'ombe na mganga wa kituo amesema basi tuahirishe. Akarudi kwangu siku hiyohiyo. Akaniambia, Solomoni, wale ng'ombe wangu niliowaweka kwako, toa mmoja, na mke wangu akiuliza sema ni rika."

Kuweka ng'ombe kwa mwenzako ni jambo la kawaida huku. Huweki mali yako yote kwenye zizi moja, ugonjwa ukiingia uwe na kwingine. Nusu ya mali ya Lemomo ilikuwa kwa Solomoni tangu ujana wao, na mwanamke haulizi ng'ombe waliowekwa mbali.

"Nilimwambia, mwambie ukweli mkeo, si wizi huu," Solomoni akaendelea. "Akasema hapana. Akijua ni wetu atahesabu ada ya Naisula, atahesabu bati za nyumba, atasema mnada uishe. Na mnada ukiisha sitamwona tena vile anavyokuwa siku ile. Ndivyo alivyosema. Mimi nikanyamaza. Mtu akishakupa neno la namna hiyo utafanyaje?"

Magdalena alishika kikombe mpaka chai ikaota utando. "Wangapi?"

Solomoni hakuwa na daftari, hakuhitaji. Alianza na dume wa madoa, akafuata mweusi mwenye pembe moja, akamtaja yule aliyeanguka darajani wakambeba, na kila mnyama alikuja na mwaka wake na mvua zake. Miaka saba, mmoja mmoja. Halafu watu wakawa wengi, ikawa wawili wawili, miaka kumi na minne. Thelathini na watano. Kila mwezi wa saba Lemomo alishuka mwenyewe kuwachagua, akalala hapo siku tatu, kwa sababu wa kumchagua alikuwa hampati haraka. Na wale wanne waliokutwa zizini ndio waliobaki wa kule na huku.

Basi Magdalena akalia. Alilia kwa sauti, pale uani kwa watu, mpaka mke wa Solomoni akatoka ndani na unga mikononi. Alimlilia Lemomo upya kama aliyekufa asubuhi ile, na alijililia mwenyewe kwa ile picha chini ya mashuka.

Alipotulia, Solomoni akasema, "Nina dume mmoja mnene. Nitauza mbuzi nipate wa pili. Andika tu, Mama Naisula. Andika rika limetoa, bure, kama zamani."

Hapo nani angekataa? Barua iko mkononi, Zakia ataikubali, mnada utakuwapo, jogoo atauzwa mara tisa. Magdalena aliuona uwanja wote mbele yake, na moshi wa loshoro, na kwa nukta moja aliusikia ule mwito wa kipaza sauti.

"Hapana," akasema. "Zizi moja limekwisha kwa ajili ya bure yangu. La kwako sitaligusa."

Usiku huo hakukaa kufikiri, alilala. Ila kabla ya kulala alitoa mashuka, akaipangusa picha kwa upande wa kanga, akairudisha kwenye msumari wake. Asubuhi alimpigia Naisula akamweleza yote.

Jumanne bodi ilikaa. Watu saba, chupa za maji, na mzee Frederick katikati na miwani yake puani, mstaafu wa benki, mtu mwema lakini anayependa kusikia namba zikitajwa. Zakia alitaka kuwasilisha mwenyewe. Magdalena akamwambia, "Kaa, mwanangu. Huu mstari ni wangu."

Akasimama. Akasoma bahasha, senti tano. Barua, senti kumi. Chakula cha hisani, senti arobaini. Sauti yake ilikuwa shwari.

"Mnada, senti sitini."

Mzee Frederick akavua miwani. "Mama Naisula, umekosea. Taarifa zako zote ni senti kumi na tano. Mimi mwenyewe nimezisaini."

"Umesaini makosa yangu, mwenyekiti. Mnada haukuwahi kuwa senti kumi na tano. Kuna mtu alikuwa anazilipa zilizobaki."

Akawaeleza. Hakupamba, hakulia, alisema kama anavyosema mtu aliyekwisha kulia. Alitaja thelathini na watano, alitaja pikapu na dizeli. Kisha akasema lile alilokuja kulisema: kwamba kwa milioni kumi za bodi, mnada na chakula haviwezi kusimama pamoja. Kila kimoja kinakula milioni sita. Mnada unabakiza nne, chakula kinabakiza tisa. Wakienda na bahasha, barua na hoteli, wanatumia milioni tisa na laki tatu, wanaingiza hamsini na saba, zinabaki arobaini na saba na laki saba. Karakana inasimama.

"Na hoteli ikijaza nusu tu?" akauliza mjumbe mmoja.

"Ndiyo maana kadi zinauzwa kwanza," Zakia akajibu. "Tumepatana na hoteli mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Zisipofika mia kufikia hapo, tunaghairi, na tunakuwa tumepoteza malipo ya awali laki tano. Nimeliandika ukurasa wa tatu."

Mzee Frederick alikuwa bado anamtazama Magdalena. Na yeye alikuwa na mnada wake moyoni, maana ndiye aliyewahi kununua yai kwa elfu ishirini, na kofia yenyewe anayo mpaka leo. "Kwa hiyo unatuomba wewe, wewe mwenyewe, tuufute mnada?"

"Nawaomba muufute."

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wa Magdalena haukuhitajika, si mjumbe, lakini ulinyooka na wengine. Kuna mtu alisema pole, kuna mtu alikohoa, na mhudumu akaingia na sambusa wakati usiofaa kabisa.

Baada ya kikao alirudi ofisini kwake akaanza kupanga zile daftari ili zirudi kabatini. Madirisha yalikuwa wazi, na chini uwanjani mama mmoja kijana alikuwa anamfundisha mwanawe kusimama na viatu vyake vya chuma, mtoto anakaa, anamsimamisha, anakaa tena. Magdalena akawatazama muda. Angetoa nini amwone mtu fulani amesimama pale kando ya mti wa mgrevilea, ameshika jogoo!

Zakia akaingia na karatasi moja.

"Mama, daftari za zamani siruhusiwi kuzifuta wala kuongeza kitu. Ila mwenyekiti amesaini hii, ni karatasi ya marekebisho, itakaa mbele ya zote. Zawadi za mali zilizopokelewa bila kuandikwa. Mzee Solomoni amekubali kuja kuweka dole gumba Alhamisi, kama shahidi. Nimeshakadiria, kila ng'ombe kwa bei ya mwaka wake, si ya leo." Akaweka kidole kwenye jumla. "Ni milioni ishirini na sita. Mama, katika kituo hiki hakuna aliyewahi kutoa zaidi. Kampuni hakuna, mzungu hakuna. Jina la juu kabisa kwenye ubao wa wafadhili pale mlangoni ni milioni ishirini."

Magdalena akavuta kiti. Akakaa, akachukua kalamu. Safu ya kwanza, aina ya zawadi: ng'ombe. Safu ya pili, idadi: 35. Mwandiko ulikuwa uleule ulioandika bure mara ishirini na mbili. Alipofika safu ya mtoaji akaandika jina zima, Lemomo na la babake na la ukoo. Kisha mbele yake akaongeza maneno mawili.

Zakia akainama kusoma. "Mama, hiyo 'mume wangu' haina nafasi kwenye fomu. Wakaguzi watauliza."

"Waulize," Magdalena akasema. "Waambie waje kwangu."